Mpangaji Asiye na Tarehe

Jalada lililonitoa jasho mwaka ule lilikuwa na karatasi nne tu. Ombi, nakala ya notisi, mkataba wa zamani uliokwisha muda, na mkataba mpya ambao haukusainiwa na mtu.

Mimi ni karani wa baraza la nyumba. Napokea malalamiko ya wapangaji na wenye nyumba, nagonga muhuri, naandika namba ya jalada, kisha namwambia kila mtu akae kwenye benchi asubiri. Nimekaa nyuma ya dirisha lile miaka kumi na sita. Nimeona ndugu wawili wakigombea ufunguo mmoja, na nimeona mpangaji aliyebeba mlango wa choo begani akauleta kama kielelezo. Sishtuki ovyo. Lakini asubuhi ile, mzee mmoja fundi wa kuchomelea vyuma aliponikabidhi ombi la kurudishiwa nyumba yake, nililisoma jina la mpangaji wake mara tatu. Lilikuwa jina la kaka yangu.

Mzee yule nilimfahamu. Nyumbani tulimwita Baba Geti, kwa sababu geti la nyumba ile alilitengeneza mwenyewe, na kila alipokuja kututembelea alilishika kwanza, akalitikisa, akaridhika, ndipo akasalimia watu. Na yeye alinifahamu. Alisimama mbele ya dirisha akiwa amevua kofia.

"Binti, shikamoo yako nimeisikia," alisema, ingawa sikuwa nimefungua mdomo. "Usinichukie. Nimesubiri siku tisini na nne."

"Marahaba ni yako kuitikia, Mzee," nilimwambia. "Kaa kwenye benchi."

Nikagonga muhuri. Kisha nikalipeleka jalada kwa karani mwenzangu, nikaandika barua fupi kwa Mwenyekiti wa baraza kwamba mjibu maombi ni ndugu yangu wa tumbo moja na sitaligusa tena, wala sitalizungumzia nyumbani. Huo ndio utaratibu, nami ni mtu wa utaratibu. Baadaye niliona kwamba utaratibu wangu ndio ulioniponza.

Kaka yangu ni mhadhiri. Nyumbani tunamwita Daktari, na majirani walimwita hivyo hivyo mpaka mmoja wao akamletea mtoto mwenye surua. Anafundisha historia. Kwa miaka saba alifundisha kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na mimi nilishuhudia mikataba ile ilivyomkondesha. Kila ifikapo mwezi wa mwisho alianza kutembea na roho juu. Hakusema kitu kwenye vikao. Mkuu wa idara akikosea, kaka yangu alimeza mate. Mwanafunzi mtoto wa mkubwa akifeli, kaka yangu alisahihisha mtihani ule mara nne akitafuta alama za kumpa. Hatukukaa nyumba moja zaidi ya miaka miwili, kwani hakuthubutu kuahidi mahali popote zaidi ya hapo.

Halafu wakamthibitisha. Alipeleka machapisho yake, akahojiwa, majopo mawili yakapitisha jina lake, akapewa barua ya ajira ya kudumu. Siku ile alikuja na barua ndani ya bahasha ya plastiki kama cheti cha kuzaliwa. Aliisoma mbele ya Mama, kwa sauti, mpaka namba ya kumbukumbu.

"Maana yake nini?" Mama aliuliza.

"Maana yake, Mama, haina tarehe ya mwisho. Mpaka nistaafu. Wakitaka kunitoa lazima waandike nimekosa nini, nijibu, wanisikilize, ndipo waamue. Siwezi kumwagiwa unga kwa sababu mtu kaamka vibaya."

"Kwa hiyo hatuhami tena."

"Hatuhami tena, Mama."

Mama haoni. Macho yalianza kufifia tulipokuwa sekondari, na sasa anachojua ni mwanga wa dirisha na giza la ukuta. Nyumba ile ya Baba Geti ndiyo ya kwanza aliyoifahamu kwa miguu. Kutoka kitandani mpaka mlangoni hatua sita. Mlangoni mpaka jikoni kumi na nne, ukuta ukiwa mkono wa kushoto, na kwenye hatua ya tisa kuna ufa mdogo kwenye plasta anaoupapasa kwa kidole. Jikoni anawasha jiko mwenyewe, anachemsha maji mwenyewe, anamimina kwa kusikiliza sauti ya kikombe kinavyojaa. Kwenye nyumba zilizotangulia alikaa kitini akisubiri mtu. Kwenye ile alikuwa mtu mzima tena. Ndiyo maana nasema, aliyekuwa na cha kupoteza hakuwa Daktari.

Wito wa baraza ulipomfikia, kaka yangu alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiandaa kushinda.

"Safi," alisema. "Hatimaye kuna kikao."

"Kikao gani? Siku tisini zimeisha. Ulikuwa wapi?"

"Nilijibu. Nilimwandikia ndani ya siku kumi na nne. Kurasa kumi na tisa, na viambatisho. Nikawa nasubiri aniite tuzungumze."

Nilikaa chini. Nilikuwa ofisini na watu wamejaa dirishani, lakini nilikaa chini. Kaka yangu alikuwa amepokea notisi ya kuhama akaijibu kama barua ya kujieleza ya chuoni. Alieleza kwamba hajawahi kukosa wala kuchelewa, kwamba alipanda maua upande wa mbele, kwamba alirekebisha paa kwa gharama zake, na majirani saba walikuwa wametia saini kwamba ni mtu mstaarabu. Mtu wa chuo akishajieleza, hukaa akasubiri jopo. Yeye alisubiri jopo siku sabini na sita.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Nilikuja," alisema.

Hapo nikakumbuka. Alikuja kweli. Ilikuwa siku ya Jumatatu, foleni imefika barabarani, na aliposogea dirishani hakusema Mama wala nyumba. Alisema, "Hivi mtu akipewa notisi, anaijibuje?" Nikadhani anaulizia rafiki yake, au ni utafiti wake. Nilimjibu bila kuinua uso, maneno ninayowajibu watu mia kwa siku: "Baraza halitoi ushauri. Fomu namba nne ziko pale." Nikanyoosha kalamu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaondoka, na nyuma yake alisimama mama mwenye kesi ya paka.

Fomu namba nne ndiyo ambayo ingemsaidia. Sheria yetu inamruhusu mpangaji aliyepewa notisi aombe muda wa ziada, hadi miezi sita, kama nyumbani kuna mgonjwa au mlemavu. Sharti moja tu: aombe kabla notisi haijaisha. Mimi najua hilo hata usingizini. Kwa Mama asiyeona, Mwenyekiti asingefikiri mara mbili.

Siku ya shauri nilikaa benchi la nyuma kabisa, na Mama ubavuni kwangu. Alikataa kubaki nyumbani. Chumba cha baraza ni kidogo, kina meza moja ndefu na feni inayolia, na watu huketi karibu kiasi cha kugongana magoti. Mwenyekiti wetu ni mama mnene mpole mwenye miwani ya kamba. Ana tabia ya kusoma karatasi zote kabla hajasalimia.

Kaka yangu alikuwa ameleta fomu namba nne. Aliijaza jana yake, akiwa amechelewa siku ishirini. Pale palipoandikwa "Aina ya upangaji", ambapo kuna vijumba viwili, cha muda maalumu na cha mwezi hadi mwezi, hakuweka alama popote. Aliandika pembeni kwa wino wa bluu: Ya kudumu.

"Daktari," Mwenyekiti alisema, "hii ya kudumu umeitoa wapi?"

"Mheshimiwa, mkataba wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili. Ukaisha. Tukaendelea, yeye akaridhika, mimi nikaridhika, mwaka wa tano huu. Hakuna tarehe ya mwisho. Kisicho na tarehe ya mwisho ni cha kudumu."

"Na huu mkataba wa miaka mitatu ambao haujasainiwa?"

Baba Geti aliinuka, ingawa hakuambiwa ainuke. "Huo mimi nilimpelekea, Mheshimiwa. Mwaka jana. Nilimwambia Daktari, una mzazi, tufunge miaka mitatu, mimi nisikusumbue na wewe usinisumbue. Akaurudisha na ujumbe."

Ujumbe ulikuwa umebanwa kwa pini. Mwenyekiti aliusoma kwa sauti. Niliutambua mwandiko ule nikiwa mbali. "Mzee wangu, hakuna haja ya kuwekeana tarehe. Mimi si mtu wa mikataba tena."

Feni ililia. Mama aliusikia ujumbe ule, akageuza kichwa upande wa kaka yangu.

"Eleza ulimaanisha nini," Mwenyekiti alimwambia.

Nimemsikia kaka yangu akihutubia kumbi zenye watu mia tano. Siku ile alizungumza kama mwanafunzi. Alisema kwamba kwa miaka saba mkataba wenye tarehe ulikuwa ndio kitanzi chake. Asiye na kinga ndiye hupewa tarehe. Siku walipomthibitisha alijiapiza asisaini tena karatasi yenye siku ya mwisho. Mzee alipoleta miaka mitatu, yeye aliona anashushwa, kama anarudishwa kwenye kundi la wale wa kubahatisha.

Mwenyekiti alivua miwani. Simsikii mara nyingi akizungumza kwa urefu, hukumu zake huwa za mistari sita.

"Kuna neno la Kiingereza, tenure," alisema. "Nyie chuoni mnalitumia, na sisi kwenye vitabu vyetu vya ardhi tunalitumia. Asili yake ni kushika. Zamani lilikuwa la mashamba: mtu anashika kipande cha ardhi kutoka kwa bwana wake, kwa masharti. Baadaye likahamia kwenye vyeo, mtu anashika cheo. Kwa hiyo neno lenyewe halikuambii umeshika kwa nguvu kiasi gani. Linakuuliza tu. Umeshika nini, umeshika kutoka kwa nani, mpaka lini, na ni nini kinachoweza kukibandua mkononi mwako."

Kaka yangu aliinamisha kichwa.

"Chuoni umeshika kazi. Kazi ile haina mwenyewe anayeitaka akalale ndani yake. Wamekupa mpaka ustaafu, na wakakuwekea ukuta wa sababu na kusikilizwa, ili useme ukweli darasani bila kuogopa mtu. Pale asiye na tarehe ndiye mwenye nguvu, kwa kuwa kuna huo ukuta. Lakini nyumba umeshika ya mtu. Umiliki haukutoka kwake hata siku moja. Alichokupa ni muda wa kuikalia. Muda wenye tarehe, hawezi kuukatisha hivi hivi. Ule wa miaka mitatu ungeusaini, leo ningemrudisha mzee nyumbani kwake mikono mitupu. Ulipokataa tarehe ukabaki na mwezi hadi mwezi, na mpangaji wa mwezi hadi mwezi anaondolewa kwa notisi tu, ikiwa sahihi. Kwetu hapa asiye na tarehe ndiye aliye nje zaidi."

"Lakini nimekosa nini?" kaka yangu aliuliza. Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua kwelikweli.

Baba Geti ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole ambao ulinikera kuliko kama angefoka. "Hujakosa, Daktari. Mbona sijaandika popote kwamba umekosa? Lile jibu lako nililiona, nikadhani umetoa kitabu kingine, nikamwekea mke wangu kabatini. Binti yangu amefiwa na mume, anarudi na watoto watatu. Nina nyumba hiyo moja ya kumpa. Basi."

Watu wawili watatu walicheka kuhusu kitabu. Kaka yangu hakucheka. Nilimwona bega likishuka. Kushtakiwa angekuweza. Angeleta ushahidi, angehoji, angemwangusha mtu. Kuondolewa bila kosa hakukuwa na mahali pa kushika, na yeye alikuwa amejifunza maisha yake yote kutetea jina lake, hakujifunza kutetea mlango.

Mwenyekiti alisoma hukumu yake ya mistari sita. Notisi ilikuwa ya maandishi, ya siku kamili, imemfikia mpangaji mkononi. Ombi la muda wa ziada lilikuja nje ya muda na baraza halina mamlaka ya kulipokea. Nyumba irudishwe. Kisha akamtazama Baba Geti juu ya miwani. "Mzee, hii si amri. Nakuomba kibinadamu. Kuna mama pale nyuma haoni."

Baba Geti alimtazama Mama. "Wiki sita," alisema. "Binti yangu atalala kwangu wiki sita."

Kutoka pale mpaka nje Mama alinishika mkono, na sikuweza kumtazama ingawa yeye hanioni. Kaka yangu alitutangulia. Barabarani alisimama, akafungua mkoba, akatoa kurasa zake kumi na tisa, akazitazama, akazirudisha.

Nyumba mpya tuliipata wiki ya tano. Ni ya ghorofa ya chini, vyumba vitatu, jikoni pana. Mwenye nyumba ni mwanamke mwalimu wa chekechea. Alipoleta mkataba, kaka yangu hakusoma habari za maji wala usafi. Alipekua mpaka ukurasa wa mwisho.

"Tarehe ya mwisho iko wapi?" aliuliza.

"Nilidhani tuache wazi, Daktari. Watu waungwana."

"Hapana, dada yangu. Andika. Miaka minne, siku na mwezi. Na uandike kwamba huwezi kuukatisha katikati."

Alisaini kila ukurasa. Kalamu ilikandamizwa mpaka herufi zikatokea upande wa pili. Nilimwonea huruma, na nilikasirika pia, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mwema wa somo alilolipia Mama.

Siku tuliyohamia tulimsimamisha Mama mlangoni mwa chumba chake kipya. Alinyoosha mkono wa kushoto, kule ambako kwa miaka mitano kulikuwa na ukuta. Hakukuta kitu. Mkono ulibaki hewani, ukatafuta, ukarudi kifuani. Kisha akapiga moyo konde, akahamia upande wa kulia.

"Hapa ni mpaka lini?" aliuliza.

Kaka yangu alimtajia. Siku, mwezi, mwaka.

"Ni tarehe nzuri," Mama alisema. "Nitaikumbuka." Akaanza kutembea, mimi nyuma yake. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye ya tano alisimama, bila kugeuka. "Wewe," aliniambia, "si kule barazani ndiko unakofanya kazi? Alipokuja kukuuliza, ulimwambia nini?"

Kumbe alijua. Sijui nani alimwambia, au labda alisikia tu, kama anavyosikia kikombe kikijaa.

"Alinipa fomu, Mama," kaka yangu alijibu haraka. "Alinipa mkononi, akanieleza kila kitu. Mimi ndiye sikuijaza. Niliona si ya mtu kama mimi."

Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, ninyamaze. Chuoni hakuna aliyewahi kumpata kwa uongo, nami nilijua kwamba ule ndio wa kwanza, na aliusema kwa ajili yangu. Ningeweza kuuacha upite. Mama angeendelea kuhesabu, na ningebaki binti yule yule aliyemjua.

"Sikumpa, Mama," nilisema. "Nilimwonyesha kwa kalamu. Sikuinua hata uso."

Nilisubiri Mama aseme lolote, hata anitukane. Alipeleka mkono nyuma, akapapasa, akalipata bega langu, akaliweka pale ambapo ukuta ungekuwa.

"Basi simama hapo," alisema. "Usitoke mpaka niizoee."

Akaendelea. Sita, akasema. Saba.